Mega 500, masomo matatu ya takwimu: nipunguze picha ao sauti?

*Yaya, jambo. Niko mwanafunzi wa ekonomi hapa Bukavu, nakaa Kadutu. Prof wetu wa takwimu aliweka masomo matatu kwenye YouTube, kila moja saa 1 na nusu, na akatuambia yeye mwenyewe tuyashushe tubaki nayo kwenye telefone, juu anajua rezo ya kwetu. Niko na forfe ya mega 500 tu, ingine sitapata mbele ya egzame. Binamu yangu alishaniwekea Termux ya kuandikia amri, na yt-dlp ya kushusha video, na ffmpeg ya kukata na kuunga. Sasa mwenzangu wa promo alishusha somo la kwanza kwa 144p akanipa kwa blutufu, na ile fayili ilikula karibu mega 120 na hatusomi kitu! Zile i na j ndogo za chini ya x ni vumbi. Nikisema nichukue 720p naogopa forfe itaisha kwenye somo moja. Masomo mawili ya kwanza ni slaidi na sauti ya prof, la tatu mutu alimfilimu na telefone mbele ya tablo, na hilo 480p yake inaonyesha 289.7MiB! Telefone yangu ekra yake ni 720 kwa 1600. Listi ya somo la kwanza ndiyo hii, nimeikata kidogo:*

```
140  m4a   audio      83.0MiB  129k  mp4a
249  webm  audio      32.2MiB   50k  opus
160  mp4   256x144    35.4MiB   55k  avc1
243  webm  640x360    57.9MiB   90k  vp9
135  mp4   854x480   135.2MiB  210k  avc1
244  webm  854x480    90.1MiB  140k  vp9
247  webm  1280x720  154.5MiB  240k  vp9
```

*Nichague nini? Mimi wa Kadutu.*

Mudogo wangu, jambo sana. Muzuri ulituma listi, juu jibu lote liko mule ndani, tuisome pamoja polepole.

Angalia ile fayili ya mwenzako. Picha aliyochukua ni namba 160, inapima 35.4. Sauti iliyokuja nayo ni 140, inapima 83. Jumla 118.4. Maana yake pale kwenye fayili ambayo hamsomi kitu, zaidi ya theluthi mbili ya uzito ni sauti! Yeye alikata picha mpaka ikakufa lakini mzigo wenyewe hakuugusa. Na hiyo inafanyika kila siku, watu wanaona neno 144p wanajua tu kwamba ndiyo ya masikini, wanachukua, hawaangalii upande wa sauti kwa kuwa kwenye YouTube yenyewe ukibonyeza kuchagua ubora wanakuonyesha picha peke yake.

Sasa chukua ile 244, picha ya 480p, 90.1, uiunge na sauti 249, 32.2. Inakuwa 122.3. Umeona? Unatoka 144p unafika 480p kwa kuongeza karibu mega 4. Hapo hakuna mazungumzo tena.

Najua utaniuliza kwa nini picha kubwa vile iwe nyepesi vile. Ni juu ya slaidi. Video haihifadhi kila picha nzima nzima, inahifadhi picha moja kamili kila baada ya sekunde chache, halafu katikati yake inaandika tu kile kilichobadilika. Prof akiacha slaidi moja dakika tatu akiwa anaelezea, hakuna kinachobadilika, kwa hiyo zile dakika tatu hazipimi karibu kitu. Akipita slaidi ingine, biti zinaruka kidogo halafu zinatulia. Ndiyo maana kwenye listi yako 480p inatumia 140k tu kwa sekunde, wakati mechi ya mpira kwa 480p ileile inakula mara kadhaa zaidi. Sauti yenyewe haina mapumziko, prof anaongea ao ananyamaza ile 129k inaendelea kutoka karibu ileile, dakika kwa dakika, saa 1 na nusu. Unaweza kupiga hesabu wewe mwenyewe, uko mutu wa takwimu: 50k ni kilobiti 50 kwa sekunde, mara sekunde 5400 ugawe kwa 8, juu bayti moja ni biti 8, inatoka kilobayti 33750, ndiyo mega 33.75. Kwenye listi wameandika 32.2 kwa kuwa ile MiB ni kubwa kidogo kuliko mega ya kuhesabu kwa elfu, MiB 1 ni kama mega 1.05. Kumbuka hiyo wakati unalinganisha na forfe, usiende mpaka kwenye mega ya mwisho.

Usiogope 50k kwa sauti. Ile opus imetengenezwa vizuri sana kwa sauti ya mutu anayeongea, hata kwa biti chache inasikika safi. Ingekuwa wimbo ningekuambia ufikiri, pale vinanda na matoazi vitaumia kidogo. Lakini ni prof mmoja anasoma formili. Kama mwenyewe alirekodi akiwa mbali na mikro, sauti inajaa mwangwi wa oditwar, basi ile mbaya itabaki mbaya hata ukilipa 129k, hakuna biti zitakazoirudisha.

Upande wa picha, usichague kwa jina la 480p, chagua kwa ukubwa wa herufi. Kwenye slaidi ya kawaida herufi ndogo kama x ao n, ile isiyo na mkia, inachukua hivi kama sehemu moja kwa 40 ya urefu wa slaidi. Kwenye 480p kuna mistari 480 ya pikseli kutoka juu mpaka chini, gawa kwa 40, x inapata pikseli 12. Kwenye 360p inapata 9. Kwenye 144p haifiki hata 4. Halafu ile i ya chini ya x ni ndogo zaidi, tuseme theluthi mbili ya mwenzake, kwa hiyo ni 8 kwenye 480p, 6 kwenye 360p, na 2 na kidogo kwenye 144p. Kwa pikseli 2 huwezi kuchora i yenye nukta juu, haiwezekani, ndiyo lile vumbi mnaloona. Mimi naona chini ya 7 hivi i na j zinaanza kufanana, na kwenye takwimu ukichanganya i na j umepoteza jumla yote. Kwa hiyo kwa slaidi zenye formili 480p ndiyo mlango. Kwa slaidi za maneno makubwa matupu, 360p inatosha kabisa na ungekaa kwenye 90.1 kwa somo zima, picha na sauti.

Kuko na jambo lingine watu hawajui: rangi. Kwenye video hizi mwangaza wa picha unahifadhiwa kamili lakini rangi inahifadhiwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Kama prof wako anaandika na biki nyekundu juu ya buluu, ile nyekundu ya kwenye 480p ina mistari 240 tu, na kwenye 360p iko na 180. Nyeusi juu ya nyeupe haina shida hiyo. Basi ukiona maandishi meusi yanasomeka na mekundu yamepakaa, usifikiri telefone yako imekufa macho, ni rangi hiyo, na dawa yake ni kupanda ngazi moja.

Kupanda mpaka 720p? Kwa ekra yako ukilaza telefone, urefu ni pikseli 720, kwa hiyo 720p ndiyo mwisho wa kile inachoweza kuonyesha, 1080p ungelipa pikseli ambazo ekra haina mahali pa kuziweka (isipokuwa wewe ni mutu wa kukuza picha na vidole viwili kila mara). Tuseme unachukua 247 na sauti 249, ni 186.7. Mara tatu ni 560. Imepita forfe. Hata bila ile hesabu ningekuambia uache, juu unalipa nusu ya ziada ili usome kitu ambacho tayari unakisoma.

Umeona pia kwenye listi kuna 480p mbili, 135 na 244. Pikseli ni zilezile, ila 135 ni avc1, njia ya zamani ya kubana video, inataka 135.2 kufanya kazi ambayo vp9 inaifanya kwa 90.1. Chukua vp9. Avc1 ina faida moja, inafunguka popote, hata kwenye televizyo ya zamani na kwenye vile vitelefone vidogo. Webm wakati mwingine galeri ya telefone inaikataa, basi fungua na VLC, haitakusumbua. Wakati mwingine utaona pia namba za 394 mpaka 398, pale pameandikwa av01. Hizo ni nyepesi zaidi hata ya vp9, lakini telefone nyingi za bei ya kwetu hazina chipu ya kuifungua, kazi yote inaenda kwa prosesa: picha inakatakata, telefone inakuwa moto mkononi, batri inashuka unaiona. Na kwa delestaji tunayoijua, batri nayo ni forfe.

Mbele ya kushusha chochote, jaribu sekunde 30. Wewe uko na bahati, ile 144p mbovu ya mwenzako ni ramani: ifungue, tafuta slaidi iliyojaa formili kuliko zote, andika dakika yake. Tuseme ni dakika ya 42. Halafu:

```
yt-dlp -f 243 --download-sections "*00:42:00-00:42:30" -o "jaribu.%(ext)s" "LINKI"
```

Pale kwenye LINKI unaweka anwani ya video. Hiyo ni 360p bila sauti, haitafika hata mega 2. Laza telefone, ishike mbali kama unavyoishika ukiwa unasoma kweli, si puani, na usome formili kwa mdomo. Ukisoma i na j bila kubahatisha, umeokoa 32 kwa kila somo. Ukisitasita, chukua 244. Lile `-o "jaribu.%(ext)s"` usiliache, juu bila hilo kipande kinachukua jina la somo lenyewe na siku unakuja kushusha somo zima yt-dlp inaweza kukuambia fayili tayari iko, na wewe unabaki na sekunde 30.

Kwa somo la kwanza kuna ujanja ambao utakufurahisha. Sauti tayari unayo! Iko ndani ya fayili ya mwenzako, tena ile nzito ya 129k, ilikuja kwa blutufu bure. Kwa nini uilipe tena. Shusha picha peke yake, halafu uunge hapo kwenye telefone:

```
yt-dlp -f 244 -o "picha1.%(ext)s" "LINKI"
ffmpeg -i picha1.webm -i zamani.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy somo1.mkv
```

Zamani.mp4 ni ile ya mwenzako, mpe jina hilo kwanza. Lile `-c copy` linamaanisha hakuna kubadilisha kitu, ffmpeg inachukua picha ya huku na sauti ya kule inazifunga pamoja, inaisha haraka sana na haikuli mega hata moja. Hapo somo la kwanza limekugharimu 90.1 badala ya 122.3.

Somo la pili, kama slaidi zake zinafanana na za kwanza, usijaribu tena, fungua listi na `yt-dlp -F "LINKI"` uhakikishe namba, halafu:

```
yt-dlp -f 244+249 "LINKI"
```

La tatu ndilo lenye maneno. Ile 289.7 isikushangaze. Aliyefilimu alikuwa ameshika telefone mkononi, mkono unatetemeka, kwa hiyo ubao wote unahama kidogo kila wakati, na kwa mashine kila kitu kimebadilika hata kama prof hajaandika herufi. Ongeza mwanga hafifu wa oditwar, ile michanga michanga inayochezacheza kwenye picha, nayo inaandikwa kama mabadiliko. Ndiyo maana 480p ileile iliyokuwa 140k kwa slaidi, hapa ni 450k. Kushusha mpaka 144p hakutakusaidia, chaki itayeyuka.

Kwa hilo usishushe picha nzima. Anza na sauti peke yake:

```
yt-dlp -f 249 -o "sauti3.%(ext)s" "LINKI"
```

Ni kama 32. Isikilize na daftari mbele yako, hata ukiwa njiani ao unaosha vyombo, na kila unaposikia prof anasema angalieni hapa, ao unasikia chaki inagonga na yeye amenyamaza, andika dakika. Kwenye saa 1 na nusu ya tablo sehemu kubwa ni maelezo, maswali, na kelele za wale wa nyuma. Tuseme umepata vipande viwili, dakika 12 na dakika 13. Dakika 25 za picha ya 450k ni karibu MiB 80, na sauti yake karibu 9. Jumlisha na ile sauti nzima ya 32, unafika 121 na kidogo, badala ya zaidi ya 320.

```
yt-dlp -f 244+249 --download-sections "*00:18:00-00:30:00" -o "tablo-a.%(ext)s" "LINKI"
yt-dlp -f 244+249 --download-sections "*00:51:00-01:04:00" -o "tablo-b.%(ext)s" "LINKI"
```

Nimeviandika viwili mbali kusudi. Kushusha kipande kunapitia ffmpeg, na ffmpeg rezo ikikatika katikati haiendelei pale ilipoachia, inaanza upya. Kipande kifupi kikikatika unapoteza kidogo. Na kama vipande vyako vinakuwa virefu mpaka vinafika saa nzima, acha, ule ujanja umeshakufa, bora uombe CP wa promo kama kuna mutu alipiga foto za tablo. Foto kumi na sauti ile ya 32 zinasomeka kuliko video yote ya mkono unaotetemeka.

Kushusha kwa kawaida, kama lile somo la pili, ni tofauti. Rezo ikikatika utaona fayili yenye mkia `.part`. Usiifute! Watu wanaiona inachukua nafasi na haifunguki, wanaifuta, na mega zote zimekwenda na maji ya Ruzizi. Rudia amri ileile, namba zilezile za 244+249, folda ileile, itaendelea pale ilipofika. Ukibadilisha namba, hata kwa 243, inaanza fayili mupya kutoka sifuri.

Sasa jumla: 90.1 ya kwanza, 122.3 ya pili, 121 na kidogo ya tatu, tuko 334 za MiB, kwa mega za forfe ni kama 350. Zinabaki 150 za WhatsApp na za kufungua listi, juu kila `-F` nayo inafungua ukurasa, inakula kidogo. Zima masasisho ya aplikasyo kwenye Play Store mbele ya kuanza, ile ikiamka usiku peke yake inamaliza hiyo baki bila kukuuliza.

Na ukiwa umemaliza, wape wenzako wa promo kwa Quick Share ao Xender, telefone kwa telefone, pale hakuna mega inayotoka kwa mutu. Si kwa WhatsApp. Ukituma kama video inaibonda upya na zile i na j zinarudi vumbi, ukituma kama dokima inabaki nzima lakini kila mmoja analipa zile 122 zake kuipokea. Halafu mkae watu watatu mugawane: mwenye forfe ya usiku ashushe la pili, wewe la kwanza juu sauti tayari unayo, na lile la tablo apewe yule mwenye masikio mazuri na daftari.